Ukumbi "unabeba 200": ya kuuliza kabla ya kulipa nusu

"Mimi ni katibu wa chama cha kitaaluma ambacho wanachama wake wako Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Tunapanga mkutano mkuu na semina kwa siku mbili, Ijumaa na Jumamosi, mjini Morogoro, na tunatarajia watu 120. Hoteli moja imenijibu kwa ujumbe wa simu kwamba ukumbi wao unabeba watu 200, bei ni shilingi 55,000 kwa kichwa kwa siku, kila kitu ndani, na wanataka nusu ya malipo wiki hii ili wasimpe mtu mwingine. Mwaka jana walikuja watu 97 tu, lakini tulilipia wote tuliokuwa tumewatangaza. Niulize nini kabla ya kulipa? Na mkutano ukiahirishwa, fedha zetu zitarudi?"

Ndugu Katibu, usilipe bado. Ujumbe ule una tarakimu mbili, 200 na 55,000, na kila moja ina nusu yake iliyofichwa. Nasema "iliyofichwa" bila kuwatuhumu wenye hoteli, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikaa miaka kadhaa kwenye ofisi ya mauzo ya kumbi kabla ya kuhamia upande wa waandaaji, na najua kwamba ofisa wa mauzo hujibu alichoulizwa. Ukimuuliza "ukumbi wenu unabeba watu wangapi", atakupa idadi kubwa kuliko zote zilizomo kwenye karatasi yake, nayo ni idadi ya viti vilivyopangwa safu kwa safu bila meza, kama kwenye jumba la sinema.

Ukumbi wenye viti vya kuhamishika hauna idadi moja ya watu. Una idadi kadhaa kulingana na mpangilio. Mtu aliyeketi kwenye kiti peke yake huhitaji karibu mita moja ya mraba, ukihesabu na njia za kupita. Mtu mwenye meza ya kuandikia mbele yake, mpangilio tunaouita wa darasa, huhitaji kama mita 1.7. Mpangilio wa herufi U hula nafasi zaidi ya hapo, kwa sababu katikati hubaki patupu. Kwa hiyo swali lako la kwanza liwe juu ya vipimo: ukumbi una urefu na upana gani, na je, una nguzo katikati?

Tuchukue mfano wa ukumbi wa mita 12 kwa 16, ambao ni wa kawaida kwa hoteli za mikoani. Eneo lake ni mita za mraba 192, na hapo ndipo idadi ya 200 inapotoka. Lakini hakuna mkutano unaojaza sakafu yote. Jukwaa na meza kuu vikichukua mita 3 za mbele kwa upana mzima, zimeondoka mita za mraba 36. Meza ya usajili na njia ya nyuma zikichukua mita 2, zimeondoka nyingine 24. Zinabaki 132. Kwa viti vitupu, yaani bila meza, watu wako 120 wataingia, ingawa hawatakuwa na nafasi ya kujinyoosha. Kwa mpangilio wa darasa wataingia watu 75 hadi 80 tu, na waliobaki watawekewa viti pembeni ya ukuta, ambako hawaoni picha ya projekta na ambako hawana pa kuweka daftari. Ukiona hoteli inakujibu kwamba "tutabananisha kidogo", jua kwamba wamefanya hesabu hii na wamepata jibu hilohilo.

Uamuzi ni wako sasa: mkutano mkuu ambao watu wanasikiliza taarifa na kupiga kura unaweza kufanyika kwa viti vitupu, lakini semina ambayo watu wanaandika na kujadiliana inahitaji meza. Ikiwa unataka meza kwa watu 120, tafuta ukumbi wa mita za mraba zisizopungua 260. Na ikiwa semina itakuwa na makundi ya majadiliano, uliza kama kuna vyumba vidogo, vingapi, na kama vimo ndani ya bei ile ya 55,000. Mara nyingi havimo.

Jambo la saa nalo lina uzito kwako kwa sababu umechagua Ijumaa na Jumamosi. Hizo ndizo siku za sendofu, harusi na kichen pati, na hoteli nyingi huuza ukumbi mara mbili kwa siku moja: mkutano mchana, sherehe usiku. Mwaka mmoja nilifika saa mbili asubuhi ya siku ya pili ya semina, nikakuta mapambo ya maharusi bado yananing'inia, sakafu ina mabaki ya keki, na vijana wanne wanahangaika kurudisha meza zangu. Tulianza saa nne. Hoteli haikuvunja ahadi yoyote, kwa kuwa mimi sikuwa nimeuliza. Uliza basi: ukumbi ni wetu kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, tunaweza kuingia Alhamisi jioni kupanga, je, Ijumaa usiku mpangilio wetu utabaki kama ulivyo, na tukipitiliza saa kumi na moja jioni tutatozwa kiasi gani kwa saa?

Sasa tuje kwenye "kila kitu ndani". Kifurushi cha kwa kichwa kwa kawaida kinamaanisha matumizi ya ukumbi, chai ya saa nne na vitafunwa vyake, chakula cha mchana, chai ya jioni, na chupa ya maji. Kila kimoja kati ya hivyo kina ukubwa unaobadilika: chupa moja ya maji au mbili, kinywaji baridi wakati wa chakula au hakuna, nyama ya aina moja au mbili. Omba orodha ya vyakula iandikwe. Kuhusu vifaa, uliza projekta, maikrofoni za kushika mkononi zisizo na waya ni ngapi, na fundi wa sauti atakuwepo muda wote au ataitwa kitu kikiharibika. Kuhusu umeme, usiulize kama kuna jenereta, kwa sababu jibu ni ndiyo kila mahali. Uliza umeme ukikatika jenereta inaendesha nini. Hoteli kadhaa zina jenereta inayowasha taa na soketi, lakini haibebi viyoyozi, na ukumbi wenye watu 120 na madirisha yaliyofungwa huko Morogoro mwezi wa Januari hauvumiliki baada ya nusu saa.

Usisahau madereva na wawezeshaji. Nao wanakula, na wasipotajwa mapema huongezwa kwenye ankara ya mwisho kwa bei kamili ya kifurushi, ingawa dereva hakukaa ukumbini hata dakika moja. Unaweza kuomba wahesabiwe kwa bei ya chakula peke yake.

Kisha kuna kodi. Kiwango cha kawaida cha Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, Tanzania Bara ni asilimia 18, na chama chenu, ikiwa hakijasajiliwa kwa kodi hiyo, hakiwezi kuidai kurudishiwa, yaani kwenu ni gharama tupu. Watu 120 kwa siku mbili kwa 55,000 ni shilingi 13,200,000. Ikiwa bei ile haijajumuisha VAT, kwa kiwango hicho zinaongezeka 2,376,000 na jumla inakuwa 15,576,000. Swali ni fupi: "Bei hii ina VAT ndani yake, na mtatoa risiti ya EFD?" Jibu liwe kwa maandishi, kwa kuwa tofauti ya zaidi ya milioni mbili haiwezi kuachwa kwenye maneno ya simu.

Nimefika kwenye kidonda chako cha mwaka jana. Kulipia watu wasiokuja hakukutokana na bahati mbaya wala ujanja wa hoteli. Kulitokana na kitu kinachoitwa idadi ya uhakika, ambayo ni idadi ya chini kabisa utakayotozwa hata wakija wachache. Jikoni hununua nyama, mchele na mboga kwa kufuata idadi hiyo, na huajiri wahudumu wa kutwa kwa kufuata idadi hiyohiyo, kwa hiyo wana haki ya kuitaka. Kosa ambalo waandaaji wengi hulifanya ni kutoa idadi ya matarajio mahali ambapo hoteli inasubiri idadi ya uhakika. Ukiandika 120 kwenye barua ya kuulizia, hoteli huisoma kama ahadi.

Tenganisha idadi hizo mbili tangu barua ya kwanza. Sema unatarajia 120, kwa ajili ya ukubwa wa ukumbi, lakini idadi ya uhakika ni 105 na utaithibitisha siku 5 kabla ya mkutano. Hoteli nyingi huweza kupokea nyongeza ya kama asilimia 5 juu ya idadi ya uhakika bila taabu, kwa kuwa mpishi huwa anapika na akiba, kwa hiyo wakija 110 hakuna atakayekosa sahani. Angalia hesabu yake: mwaka huu wakija 97 tena na wewe ulitaja 120, utalipia watu 23 wasiokuwepo kwa siku mbili, yaani shilingi 2,530,000. Ukiwa umetaja 105, utalipia watu 8, yaani 880,000. Na unaweza kwenda mbali zaidi. Wajumbe wanaotoka Dodoma na Dar es Salaam asubuhi ya Ijumaa, kwa treni au kwa basi, huenda wasiiwahi chai ya saa nne, kwa hiyo omba chai hiyo ya siku ya kwanza iwe na idadi yake ndogo. Si kila hoteli itakubali, lakini nimeshuhudia zikikubali.

Kabla ya kukubali kifurushi, omba pia bei iliyochambuliwa, ukumbi mbali na chakula mbali. Tuseme hoteli ya pili mjini hapo inakutoza ukumbi 1,500,000 kwa siku, vyombo vya sauti na projekta 350,000 kwa siku, na chakula na chai 32,000 kwa kichwa. Kwa watu 105 kwa siku mbili, ukumbi na vyombo ni 3,700,000, chakula ni 6,720,000, jumla 10,420,000. Kifurushi cha 55,000 kwa watu haohao ni 11,550,000. Lakini idadi ya kulipiwa ikiwa 80, bei iliyochambuliwa inakuwa 8,820,000 na kifurushi 8,800,000, yaani karibu sawasawa. Chini ya watu 80 kifurushi ni nafuu, juu ya 80 kuchambua ni nafuu. Kwa chama ambacho mahudhurio yake hucheza kati ya 97 na 120, mimi ningechagua bei iliyochambuliwa, kwa sharti kwamba kumbi zote mbili ni za ubora unaolingana na bei zote mbili zina VAT au zote hazina.

Kuna faida nyingine ya kuchambua, na hii inahusu swali lako la kuahirisha. Hoteli inapopoteza mkutano, inapoteza vitu viwili vya aina tofauti. Ukumbi wa Ijumaa ukikaa mtupu, Ijumaa hiyo haiuziki tena, na kadiri tarehe inavyokaribia ndivyo uwezekano wa kupata mteja mwingine unavyopungua. Ndiyo maana adhabu ya kughairi hupanda kwa ngazi. Chakula ni tofauti: nyama na mboga hununuliwa siku mbili au tatu kabla, kwa hiyo ukighairi siku 10 kabla, jikoni halijatumia hata shilingi. Masharti ya haki yangetoza ada ya ukumbi mapema na gharama ya chakula mwishoni tu. Kifurushi huvichanganya viwili hivyo, na hoteli hutoza adhabu juu ya jumla yote kana kwamba ng'ombe ameshachinjwa.

Masharti mengi hufanana na haya: ukighairi siku 30 au zaidi kabla, unakatwa asilimia 10, kati ya siku 29 na 15, asilimia 50, kati ya siku 14 na 8, asilimia 75, ndani ya wiki ya mwisho, yote. Yanaonekana kueleweka, lakini hayajasema asilimia 50 ya nini. Tuseme umelipa amana ya 2,310,000, ambayo ni asilimia 20 ya mkutano wa 11,550,000, kisha ukaghairi siku 20 kabla. Ikiwa ni nusu ya amana, unapoteza 1,155,000 na nyingine zinarudi. Ikiwa ni nusu ya thamani ya mkutano, unapoteza amana yote na bado unadaiwa 3,465,000. Neno "nusu" ni lilelile. Uliza basi mambo manne kuhusu kughairi: asilimia inahesabiwa juu ya kiasi gani, siku ni za kalenda au za kazi na zinaanza kuhesabiwa lini, fedha zinazorudi zitarudi ndani ya siku ngapi, na hoteli ikifanikiwa kuuza ukumbi huo kwa mteja mwingine siku hiyo, je, mtapunguziwa?

Kuahirisha si kughairi, na masharti mengi hayataji kuahirisha kabisa, jambo ambalo huiachia hoteli nafasi ya kulihesabu kuwa ni kughairi. Omba kifungu kinachowaruhusu kubadili tarehe mara moja bila malipo, kwa taarifa ya siku 21, mradi tarehe mpya iwe ndani ya miezi 6 na bei ibaki ileile. Hoteli hukubali hili kwa urahisi kuliko kurudisha fedha, kwa sababu fedha zinabaki kwao. Ongeza kifungu cha mambo yaliyo nje ya uwezo wa pande zote, na yatajwe kwa majina: mafuriko yanayofunga barabara au reli, mlipuko wa ugonjwa, katazo la mamlaka ya serikali. Mwaka 2020 waandaaji wengi waligundua kwamba mikataba yao haikuwa na neno hata moja juu ya ugonjwa.

Na hoteli ikighairi je? Hilo karibu hakuna anayeliuliza. Nilishawahi kuondolewa ukumbini siku tatu kabla ya mkutano kwa sababu ulikuja ujumbe mkubwa zaidi wenye vyumba vingi vya kulala, na nikarudishiwa amana yangu baada ya wiki sita bila hata barua. Taka iandikwe kwamba hoteli ikishindwa kutoa ukumbi itarudisha fedha zote ndani ya siku 7, na italipa tofauti ya bei ya ukumbi mbadala wa hadhi ileile mjini hapo.

Kuhusu shinikizo la "wiki hii", omba washikilie ukumbi kwa jina la chama kwa siku 7 bila malipo, na akija mteja mwingine ndani ya muda huo wakupe saa 48 za kuamua. Huo ni utaratibu wa kawaida. Nusu ya malipo kabla ya mkataba haina msingi. Asilimia 20 wakati wa kusaini, asilimia 30 wiki mbili kabla, na iliyobaki baada ya mkutano kwa idadi halisi isiyopungua ile ya uhakika, ni mgawanyo ambao hoteli yenye nidhamu inaweza kuishi nao. Lipa kwenye akaunti ya benki yenye jina la hoteli, kamwe usilipe kwenye namba ya simu ya ofisa mauzo.

Barua yako inaweza kuwa hivi:

"Tunaomba taarifa kuhusu ukumbi wa mkutano wa siku mbili, Ijumaa na Jumamosi, kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni. Tunatarajia watu 120. Idadi ya uhakika ni 105, itakayothibitishwa siku 5 kabla. Tafadhali tujulisheni urefu na upana wa ukumbi na idadi ya watu kwa mpangilio wa darasa pamoja na jukwaa. Bei ya kifurushi na bei iliyochambuliwa, mkionyesha VAT. Orodha ya vyakula na vifaa vilivyomo. Uwezo wa jenereta. Matumizi ya ukumbi Ijumaa usiku. Na masharti ya malipo, kughairi na kuahirisha kwa pande zote mbili. Tunaomba pia mtushikilie ukumbi kwa siku 7 tukisubiri majibu yenu kwa maandishi."

Ipeleke kwa barua pepe kwa hoteli tatu kwa siku moja. Majibu yakija, nenda mwenyewe Morogoro au mtume mwanachama aliye hapo, akiwa na futi kamba ya kupimia. Aende siku ambayo ukumbi una mkutano mwingine, aketi kiti cha safu ya mwisho, asikilize kama sauti inafika, ahesabu vyoo, na aombe jenereta iwashwe. Mkataba ukija na lugha isiyoeleweka kuhusu adhabu, mpe wakili ausome kabla ya kusaini. Kwa mkataba wa zaidi ya milioni kumi, ada ya kusomewa kurasa chache ni ndogo kuliko nusu ya amana. Na ikiwa umeshaingia kwenye mgogoro wa mwaka jana na hoteli bado inadai, mwonyeshe wakili huyohuyo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya kiasi kinachostahili, isiyozidi kile kilichotajwa kwenye mkataba, kwa hiyo kiasi kilichoandikwa kama adhabu ni kikomo cha juu, na wakili anaweza kujenga hoja ya kukipunguza.